Mzinga Mtupu Haumzuii Ndovu

Kule Sagalla, kaunti ya Taita Taveta, mashamba yamepakana na mbuga ya Tsavo Mashariki, na mahindi yanapokaribia kukomaa ndovu huingia usiku. Zamani mkulima alikesha dunguni na tochi na debe la kupiga, lakini ndovu huzoea kelele isiyomuumiza, na kumkabili gizani ni kuhatarisha maisha. Kamba ya katani iliyopakwa oili chafu na pilipili ya kusaga ni nafuu, ila mvua huisafisha, nayo mvua ndiyo inayoleta mahindi yenyewe. Ua wa umeme ni mzuri kwa atakayeulipia na kuutunza miaka yote. Mwenye ekari moja simshauri, hasa kwa kuwa ndovu hujifunza kuukata waya kwa pembe zake, ambazo hazipitishi umeme vizuri.

Mimi ninapendelea ua wa mizinga ya nyuki, ambao mtafiti wa ndovu Dokta Lucy King na wenzake waliujaribu Sagalla kwa miaka mingi. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita 250 hivi. Ukitundika kitu kila baada ya mita 10, utahitaji nafasi 25, na nusu yake inaweza kuwa mizinga bandia ya mbao, isiyo na nyuki. Mizinga yote huunganishwa kwa waya mmoja, hivyo ndovu akiusukuma, mizinga huyumba na nyuki hutoka kwa hasira. Ni lazima ua uzunguke shamba lote, kwani ukiacha upande mmoja wazi ndovu ataufuata ua hadi mwisho wake kisha aingie.

Katika misimu ya mvua nzuri, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa ua huo uliwarudisha hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Baada ya ukame wa mwaka 2017, hata hivyo, makundi mengi ya nyuki yalihama na asali ikapungua kwa asilimia 75 kwa muda wa miaka 3. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaohesabu mizinga iliyotundikwa badala ya ile yenye nyuki. Mzinga uliohamwa hujulikana: ukiuinua kidogo ni mwepesi, mlangoni pana utando wa buibui, na jioni hakuna nyuki anayerudi.

Kwa hiyo, ningemtaka mkulima akague mizinga yake kila wiki mbili kuanzia mahindi yanapochanua, aweke maji karibu nayo wakati wa kiangazi, apake grisi kwenye waya ili sisimizi wasipande, na asivune asali yote. Wakati zaidi ya nusu ya mizinga halisi ni mitupu, arudi dunguni pamoja na majirani, kwa zamu, kwa sababu usiku huo ua wake ni mbao na waya tu.