Cheksamu iliyowekwa na mwizi mwenyewe

Juzi nilikuwa nashusha ISO ya Linux Mint niifanyie instolesheni laptopu ya shemeji, bando la usiku, netiweki inakatika inarudi, asubuhi brauza inaniambia imemaliza. Mi brauza siiamini kwa hilo. Nikashusha na kile kifaili cha sha256sum.txt chenye cheksamu, yaani herufi na tarakimu 64 zinazokokotolewa kutoka kwenye faili zima, nikakiweka folda moja na ISO, nikapiga:

```
sha256sum --ignore-missing -c sha256sum.txt
```

Jibu: FAILED. Kuangalia ukubwa, faili langu limepungua megabaiti kadhaa, yaani netiweki ilikata njiani brauza ikajua ndo mwisho. Hapo huanzi upya, unapiga `wget -c` na linki ileile inaendelea pale ilipoishia. Ikaja OK. Ila ukubwa ungekuwa sawasawa na bado FAILED basi kuna kitu kimeharibika humo katikati, hiyo futa tu ushushe tena, maana zile herufi na tarakimu 64 hazikwambii pameharibika wapi, hata biti moja ikigeuka zinabadilika karibu zote.

Sasa hapo ndo watu wengi wanaishia, wanasema nimecheki, iko salama. Hapana bwana. Umejua faili limefika zima, hujajua limetoka kwa nani!

Kumbukeni tarehe 20 Februari 2016, saiti ya hawahawa Mint ilidukuliwa, waliingilia kwenye WordPress, linki ya Mint 17.3 Cinnamon ikaelekezwa kwenye seva nyingine kulikokuwa na ISO yenye mlango wa nyuma. Sasa fikiria, mtu aliyeshika ukurasa wa linki anashindwaje kubadilisha na cheksamu iliyoandikwa humohumo? Unalinganisha faili la mwizi na namba ya mwizi, lazima zifanane, unapata OK yako safi kabisa unafurahi.

Kwa hiyo mi naona cheksamu bila saini ni nusu ya kazi, yaani saini ya kidijitali ambayo mwenye faili anaiweka kwa ufunguo wake wa siri na wewe unaihakiki kwa ufunguo wake wa wazi. Mint wanaweka na sha256sum.txt.gpg pembeni, unapiga:

```
gpg --verify sha256sum.txt.gpg sha256sum.txt
```

Unatafuta maneno Good signature. Chini yake huwa kuna WARNING kwamba ufunguo haujathibitishwa, watu wanaogopa wanaacha, kumbe hiyo inasema tu kwamba wewe hujaithibitishia gpg kuwa ufunguo ni wa Mint kweli. Ikitoka BAD signature ndo ushtuke. Na ufunguo wenyewe usiuchukue kwenye ukurasa uleule siku ileile, maana utakuwa umerudi kwa mwizi yuleyule, linganisha fingaprinti yake na sehemu nyingine. Mi wangu niliuingiza zamani, toleo la nyuma, uko kwenye mashine yangu mpaka leo, kwa hiyo hata saiti ikidukuliwa usiku huu wakabadilisha kila kitu, saini yao haitakubaliana na ufunguo nilio nao.

Shemeji mwenyewe alikuwa anauliza tu mbona nachelewa.