P/E ya mbele inakutaka uamini nini?

Hisa moja, siku moja, na bado ukurasa mmoja unaonyesha P/E ya 20 huku mwingine ukionyesha 15. Hakuna aliyekosea hesabu: P/E ni bei ya hisa ikigawanywa kwa faida ya kila hisa. Bei ya hisa ni ileile. Kinachotofautiana ni faida iliyotumika kuigawanya. Ukurasa wa kwanza umechukua faida ya kila hisa kwa miezi 12 iliyopita, yaani robo nne ambazo kampuni imekwisha kuzitangaza. Wa pili umechukua faida ambayo wachambuzi wanakadiria kwamba itapatikana miezi 12 ijayo. Kwenye skrini utaona P/E (TTM) kwa ile ya kwanza na Forward P/E kwa ya pili. Hapa nitaziita P/E ya nyuma na P/E ya mbele.

Wawekezaji wengi huipenda ya mbele, na hoja yao ina uzito: anayenunua hisa leo ananunua faida inayokuja, wala hagawiwi faida iliyokwisha kupita. Hilo nalikubali. Nisichokubali ni kuisoma P/E ya mbele kana kwamba ina uhakika sawa na ile ya nyuma, kwa sababu nusu yake ni bei iliyoshuhudiwa sokoni na nusu nyingine ni maoni ya watu.

Tuchukue kampuni ya mfano. Hisa yake inauzwa kwa 120, na mwaka uliopita ilipata faida ya 6 kwa kila hisa. Gawanya, unapata 20. Wachambuzi wanakadiria 8 kwa mwaka ujao, na P/E ya mbele inakuwa 15. Sasa fanya hesabu ambayo skrini haikufanyii: gawanya 20 kwa 15. Jibu ni kama 1.33. Maana yake, anayekwambia kwamba hisa hii ni nafuu kwa sababu P/E yake ni 15 anakutaka kwanza ukubali kwamba faida itapanda kwa theluthi nzima ndani ya mwaka mmoja.

Ukishaiona theluthi hiyo, unajua cha kuuliza. Ikiwa kwa miaka mitano faida ya kampuni imekuwa ikikua kwa asilimia 8 hivi kwa mwaka, nini kimebadilika? Huenda jibu lipo, na ni zuri. Pengine mwaka uliopita ilibeba hasara ya mara moja, labda fidia ya kesi au gharama ya kufunga kitengo, ambayo haitarudi tena. Jibu la namna hiyo utaliona kwenye ripoti ya kampuni, na likiwepo, 15 inaanza kuwa na miguu. Lisipokuwepo, mimi hubaki na 20 yangu.

Tena hiyo 8 yenyewe ni wastani. Tuseme wachambuzi ni watano, na makadirio yao ni 6.5, 7.5, 8, 8.5 na 9.5. Ukimfuata mwenye matumaini madogo kabisa, P/E ya mbele ni 18.5. Ukimfuata mwenye matumaini makubwa, ni 12.6. Watu watano wanaoifuatilia kampuni hiyohiyo kwa kazi yao ya kila siku wametofautiana kiasi hicho, lakini mbele yako inawekwa 15 tupu. Kurasa nyingi zinazoonyesha makadirio huonyesha pia la chini, la juu na idadi ya wachambuzi. Nadhani namba hizo tatu zina thamani kuliko wastani wenyewe.

Kwa nini watu makini watofautiane hivyo? Kwa sababu faida ni mabaki madogo ya namba mbili kubwa. Kampuni yenye mauzo ya 100, gharama zisizobadilika za 60 na gharama zinazofuata mauzo za 30, inabaki na faida ya 10. Mauzo yakipungua kwa asilimia 5 tu, yanakuwa 95. Gharama zinazofuata mauzo zinashuka hadi 28.5, zile 60 hazisogei. Faida inabaki 6.5. Mchambuzi aliyekosea mauzo kwa asilimia 5, kosa ambalo yeyote angemsamehe, amekosea faida kwa asilimia 35, na kosa hilo lote linaingia kwenye P/E ya mbele.

Makosa hayo pia hayaangukii pande zote sawasawa. Makadirio ya mwaka mzima kwa kawaida huanza juu, kisha hushushwa kidogo kidogo kadiri siku ya matokeo inavyokaribia. Mchambuzi anahitaji kuongea na wakuu wa kampuni, hivyo hapendi kuwaudhi, na kampuni yenyewe humwongoza kwa matarajio inayotangaza. Zamani kulikuwa na shinikizo zito zaidi. Mwaka 2003 benki kubwa za uwekezaji za Marekani zilikubali kulipa takriban dola bilioni 1.4 kumaliza madai kwamba uchambuzi wao ulipindishwa ili kuwapendeza wateja wa upande wa benki. Kanuni zilikazwa baada ya hapo, lakini mwelekeo wa kuanza na matumaini haujaisha.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, huja bei inapoporomoka. Bei hubadilika kila dakika. Makadirio husubiri mchambuzi akae chini aandike upya. Rudi kwa kampuni yetu. Habari mbaya zinavuma, hisa inashuka kutoka 120 hadi 90, na wastani wa makadirio umepunguzwa kidogo tu, hadi 7. P/E ya mbele sasa ni 12.9. Inaonekana nafuu kuliko jana, wakati ambapo ule msingi wake ndio umedhoofika. Mwaka ukiisha na faida ya 5, aliyenunua kwa 90 atagundua kwamba alilipa mara 18. Kwa hiyo nikiona P/E ya mbele imeshuka ghafla, naangalia kwanza kilichosogea ni bei au ni faida, kisha naangalia tarehe za makadirio. Yaliyoandikwa kabla ya habari mbaya siyahesabu.

Haki itendeke: P/E ya nyuma nayo hupotosha, hasa mwaka uliopita unapokuwa wa ajabu. Katikati ya mwaka 2009, P/E ya nyuma ya fahirisi ya S&P 500, yaani ya hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, ilipita 100, kwa sababu hasara za mabenki katika msukosuko wa fedha zilikuwa zimekaribia kuifuta faida ya fahirisi nzima. Aliyeisoma peke yake angeona soko ghali kupindukia, ilhali bei zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka kwenye shimo la Machi mwaka huo. Lakini angalau kosa hilo unaweza kulifuatilia kwenye hesabu zilizokaguliwa, mstari kwa mstari. Faida ya mwaka ujao haina hesabu za kukagua.

Kuna jambo moja la mwisho la kiufundi. Makadirio mengi hutumia faida iliyorekebishwa, ambayo huacha nje gharama kama za kupunguza wafanyakazi au malipo ya wafanyakazi kwa hisa, ilhali P/E ya nyuma mara nyingi hutumia faida kamili iliyotangazwa. Hapo sehemu ya ule "ukuaji" wa theluthi moja huenda ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu. Tafuta faida iliyorekebishwa ya mwaka uliopita, na urudie kule kugawanya. Kama ilikuwa 7 badala ya 6, ukuaji unaoombwa ni asilimia 14, na P/E ya nyuma unayopaswa kuilinganisha na ile 15 ni kama 17.