Asante Zangu za Saa Tano Usiku

Mahafali yetu yaliangukia Novemba, jua la kupasua utosi, na joho ni la kile kitambaa kisichopitisha hewa hata kwa bahati mbaya. Kufika jioni nilikuwa na mataji manne ya makaratasi ya kumetameta shingoni, moja limeshaanza kunichubua, na simu imejaa picha 212. Lililobaki lilikuwa moja tu, posti. Siku hizi mtu anaweza kuwa na cheti mkononi, ila kama hajaposti bado ndugu wanamuuliza atamaliza lini.

Rasimu ya kwanza niliiandika kabla hata sijavua joho. "Haikuwa rahisi. Wengi walisema sitaweza. Leo nimesimama hapa na GPA yangu ya 3.4..." Nikampa dada yangu asome. Dada ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari; akisoma maandishi ya mtu vidole vinamwasha kutafuta kalamu nyekundu. Akawa anahesabu chinichini.

"Umejitaja mara 14," akasema. "Mama umemtaja mara moja, tena umembananisha na Mungu na marafiki wote kwenye sentensi moja, kama abiria wa daladala ya Gongo la Mboto."

"Lakini hii ni shukrani, dada."

"Hii ni barua ya kuomba kazi. Na hao wengi waliosema hutaweza ni akina nani? Mimi sijawahi kusikia mtu akikuzungumzia kabisa."

Nikanyamaza. Akaendelea, "Hiyo 3.4 umemwandikia nani? Mama hajui GPA ni mdudu gani. Na anayeijua anajua pia kwamba daraja la pili la juu linaanzia 3.5."

Hapo alinikata maini. Baadaye akanihurumia, akanielekeza. Futa "nguzo yangu", futa "kwa kila jambo", futa "bila wewe nisingekuwa hapa", maana maneno hayo unaweza kumwandikia hata mlinzi wa geti. Mtaje mtu mmoja mmoja, useme alifanya nini hasa, lini, na wewe ulikuwa umekwama wapi. Ukieleza ulivyokwama, hakuna atakayesema unaringa. Akapiga miayo, akaenda kulala.

Nisingemlaumu mtu kwa kulala. Ila aliondoka bila kuniambia kipande kimoja: jambo ulilotendewa si lako peke yako, na mwenzako naye ana aliowaficha.

Nikakaa kibarazani mpaka saa tano usiku nikiandika kwa machozi ya kweli. Mama nikamshukuru kwa kuuza cherehani yake nilipokuwa mwaka wa kwanza ili nipate godoro, ndoo na nauli. Mjomba nikamshukuru kwa shilingi 650,000 za mwaka wa pili, maana ada ilikuwa 1,300,000 na mkopo wangu ulifunika nusu tu. Msimamizi wangu wa tasnifu nikamshukuru kwa kunirudishia sura ya tatu mara tano, ya mwisho ikiwa na maneno mawili pembeni: "Afadhali kidogo." Bodi ya Mikopo nayo sikuisahau, ingawa wale hawahitaji posti, nikiajiriwa tu watajichukulia shukrani yao wenyewe, asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Nikamalizia na mwenzangu wa chumbani, aliyenifundisha Takwimu wiki tatu mfululizo nikitumia mashuka yake hadi nikaivuka sapu.

Nikaisoma mara mbili. Haikuwa na majivuno hata chembe. Nikaituma kwenye kundi la ukoo, watu 63, nikaiweka na kwenye status, nikalala usingizi wa mtu mnyenyekevu.

Asubuhi niliamshwa na mama amesimama mlangoni na kanga kiunoni.

"Miaka mitatu nawaambia majirani cherehani iko kwa fundi," akasema taratibu. "Wenzangu wa kikundi wamemsema yule fundi mpaka wateja wamemkimbia. Leo umewaambia niliiuza."

"Mama, nilikuwa nakushukuru."

"Nishukuru kimya."

Nikakimbilia simu. Baba, ambaye kwenye kundi huwa hachangii zaidi ya "Amina", alikuwa ameandika mstari mmoja: "Sapu ndio nini?"

Nilihisi tumbo linashuka. Kwa asiyejua, sapu ni mtihani wa marudio kwa aliyefeli somo. Unarudi chuoni wenzako wakiwa makwao, na hata ukiupata wote unaandikiwa C. Baba hakuwa na habari hiyo. Septemba ile nilimwambia nimebaki kwa mafunzo kwa vitendo, akanitumia shilingi 80,000 za viatu vya kiofisi. Kabla sijatunga jibu, binamu yangu mmoja mwenye moyo wa kujitolea alishamweleza kila kitu, kwa sauti, dakika mbili na nusu.

Nikataka kufuta ujumbe. Lakini kufuta ujumbe kwenye kundi la ukoo asubuhi, baada ya watu 58 kuusoma usiku, ni sawa na kufunga dirisha wakati mwizi anakunywa chai sebuleni. Nikauacha.

Ndipo simu ikaita. Mke wa mjomba. Mjomba mwenyewe alikuwa ameshanipigia mara saba tangu alfajiri, nami sikusikia.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, msomi. Hongera. Nimesoma shukrani zako, nzuri sana. Hebu nikumbushe, hiyo laki sita na nusu mjomba wako alikupa mwezi gani?"

"Kama... Novemba, anti."

"Novemba. Novemba hiyohiyo nilivunja kikoba changu nikampa laki sita na nusu, akaniambia injini ya bajaji imekufa." Akavuta pumzi. "Basi mwanangu, aliyekusomesha mwaka wa pili ni mimi, ila nilikuwa sijajua."

Sikuwa na la kusema. Nilitegemea matusi, nikasikia kicheko, kile cha mtu aliyepata silaha ya kutumia miaka kumi ijayo. "Irekebishe," akasema. "Jina langu liwe la kwanza. Na mjomba wako umweke chini kabisa, baada ya Bodi ya Mikopo."

Dada alipoamka akaniona nimekaa sakafuni na simu. Akasoma kimya kuanzia juu mpaka chini, na nadhani ile sauti aliyotoa ilikuwa kikohozi. Toleo la pili tuliliandika pamoja, na safari hii nikampigia kila mmoja kumuuliza kama nitaje. Anti alikubali na kiasi kitajwe. Mwenzangu wa chumbani aliomba niseme alinisaidia masomo, nisitaje mashuka. Mama akakataa neno lolote, ila akakubali picha. Tukamvalisha joho langu, kofia ikamkalia upande kwa sababu ya kilemba, akashika cheti kwa mikono miwili kama sinia la pilau. Chini nikaandika, "Mwenyewe." Hiyo ndiyo iliyopata pongezi kuliko picha zangu zote 212.

Kundi lilitulia kufikia adhuhuri. Mjomba alitoka, akarudishwa, akatoka tena. Mnamo saa tisa simu ikalia, baba, faraghani. Nikafungua kwa kujikaza.

"Hongera sana mwanangu. Ile 80,000 ya viatu utaniletea mwenyewe au nitume mtu?"