Mpango wa uchambuzi kabla ya data: kipi kiandikwe mapema, kipi kinaweza kungoja

"Msimamizi wangu ananitaka niandike mpango mzima wa uchambuzi kabla sijashuka Bagamoyo kukusanya data: jaribio gani la takwimu, vigeu vipi, waliokosekana nitawafanyaje. Data yenyewe sijaiona. Nitamkatia kanzu mtu nisiyempima?"

Lalamiko hili lina haki kuliko wasimamizi wengi wanavyokiri. Hata mwongozo wa kimataifa wa takwimu za majaribio ya dawa, ICH E9 wa mwaka 1998, hautaki kila kitu kiandikwe kabla ya mtu wa kwanza kupimwa. Mambo makuu lazima yawemo kwenye itifaki, lakini mpango wa kina unaruhusiwa kukamilishwa baadaye, mradi ufungwe kabla pazia halijafunuliwa, yaani kabla wachambuzi hawajajua nani alikuwa kundi gani. Kabla ya hapo wanaweza hata kuzitazama data zikiwa zimechanganywa makundi yote pamoja, wakaona mtawanyiko wake na namba zilizoandikwa vibaya, kisha wakarekebisha mpango.

Bagamoyo yenyewe inajua kazi za namna hiyo. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lilikuwa na vituo 11 katika nchi 7, na viwili kati yake vilikuwa Tanzania: Bagamoyo na Korogwe. Watoto 15,459 waligawanywa kwa kura, na wazazi hawakujua mtoto amechomwa chanjo gani. Kwenye kazi iliyojengwa hivyo, mtakwimu anaweza kungoja kidogo bila kumdhulumu mtu, kwa sababu hata akitaka kupendelea upande, haujui.

Wewe huna pazia. Kura utapiga mwenyewe, kupima utapima mwenyewe, na safu ya kundi itakuwa kwenye Excel yako pembeni ya safu ya matokeo. Ukishaingiza mtu wa arobaini, jicho limekwisha kuona upande gani unashinda. Hapo ndipo ninapokubaliana na msimamizi wako, ingawa si kwa kila kipengele.

Tuchukue utafiti wa kubuni. Wavuvi na wachuuzi wa samaki 120 wenye presha ya kupanda, kutoka Dunda, Kaole na Mlingotini. Kura inawagawa: 60 wanapata ujumbe wa simu wa kuwakumbusha dawa, 60 wanaendelea kama kawaida. Kinachotazamwa ni namba ya juu ya presha baada ya miezi sita. Tuseme wamerudi 46 wa ujumbe na 54 wa kawaida. Wa ujumbe walianza na wastani wa 160 wakaishia 142. Wa kawaida walianza na 158 wakaishia 149. Mkengeuko sanifu ni 18 kila upande, mwanzoni na mwishoni, na uwiano kati ya kipimo cha kwanza na cha mwisho ni 0.5.

Ukilinganisha vipimo vya mwisho peke yake kwa jaribio la t, tofauti ni 7 na thamani ya p ni kama 0.055. Ukilinganisha presha imeshuka kiasi gani, ni 18 dhidi ya 9, tofauti inakuwa 9 na p kama 0.014. Ukitumia ankova, yaani regresheni ya kipimo cha mwisho yenye kundi na kipimo cha mwanzo ndani yake, tofauti ni 8 na p kama 0.012. Njia zote tatu zimo vitabuni, na mtahini hawezi kukukamata kwa yoyote. Sasa geuza kitu kimoja tu: tuseme wa ujumbe walianza na 156, chini ya wenzao kwa 2, huku namba za mwisho zikibaki zilezile. Njia ya kwanza bado inatoa 7, ya pili inashuka hadi 5, ya tatu inakuwa 6. Iliyokuwa dhaifu sasa ndiyo inayong'aa. Anayechagua baada ya kuona hahitaji kuwa mwongo ili apotoshe. Atajiona tu amechagua "njia inayofaa data yangu".

Na hapa ndipo mfano wako wa kanzu unapopwaya. Chaguo kati ya njia hizi tatu halihitaji vipimo vya mteja. Ankova hupunguza mtawanyiko kwa kadiri ya uwiano ulivyo: uwiano ukiwa 0.5, robo ya varianti inaondoka. Kulinganisha mabadiliko hakusaidii chochote mpaka uwiano uvuke 0.5, na chini ya hapo kunaharibu. Kwa sampuli ya ukubwa huu, ankova haishindwi na njia nyingine mbili kwa kiasi cha kukusumbua, uwiano uwe mdogo au mkubwa. Kwa hiyo mstari huu wa R unaweza kuandikwa leo, hata kabla ya kupanda basi:

```
lm(presha6 ~ kundi + presha0, data = d)
```

Wengi huongeza sharti: "Nitapima kwanza kama data zina umbo la kawaida, zikikataa nitatumia Mann-Whitney." Linasikika la uangalifu, ila mimi silipendi. Umbo linalohusika ni la mabaki ya regresheni, si la presha zenyewe, na kwa watu hamsini hivi kila upande wastani huvumilia upindaji wa kawaida. Zaidi ya hayo, Mann-Whitney haijibu swali lilelile. Umeanza kwa kuuliza presha inashuka milimita ngapi, unaishia kujibu nani yuko juu ya nani.

Kipengele cha jaribio nimekipa nafasi kwa kuwa ndicho umekiuliza. Ila ukinibana niseme ni sehemu gani ikichelewa haina dawa, nitataja waliokosekana. Jaribio lililochaguliwa vibaya unaweza kulirudia. Swali ambalo hukumuuliza mvuvi siku ya kwanza huwezi kumuuliza akiwa dagoni, kwenye kambi ya uvuvi ya mbali.

Katika mfano wetu hawakurudi 14 wa ujumbe na 6 wa kawaida. Tangu makala ya Donald Rubin ya mwaka 1976, watakwimu hugawa ukosefu wa data katika aina tatu. Upo wa bahati tupu: mashine iliisha betri siku ile. Upo unaoelezwa na vitu ulivyovipima: wavuvi wa dago hawapo, na wewe uliandika nani huenda dago. Na upo unaotokana na namba yenyewe usiyoiona: mtu ameacha dawa, anajua presha iko juu, ujumbe wa kila siku umemchosha, na akisikia unakuja anapitia njia ya nyuma. Aina ya pili inatibika. Ya tatu haitibiki, unaweza tu kupima ingekudhuru kiasi gani. Na kinachoamua kama wavuvi wako wa dago waingie aina ya pili au waachwe wakifanana na wa tatu ni dodoso lako la siku ya kwanza. Lilikuwa na swali la dago, au halikuwa nalo?

Ndiyo maana mpango unaoandikwa mapema hubadilisha ukusanyaji wenyewe. Ukikaa kuandika "waliokosekana nitawajazia kwa ujazaji wa mara nyingi, yaani kukadiria namba zao mara kadhaa, nikitumia presha ya mwanzo, umri, kazi, kwenda dago na presha ya mwezi wa tatu", papo hapo unagundua kwamba hukupanga kupima mwezi wa tatu. Unagundua unahitaji namba ya simu ya pili, ya mke au nahodha. Unagundua fomu ya ufuatiliaji inahitaji sababu ya kutoonekana: yuko dago, amehama, amekataa, hapatikani, amefariki. Huyo wa mwisho ana mjadala wake. Presha ya marehemu haipo, si kwamba imepotea, hivyo kumjazia namba ni kujibu swali ambalo halipo. Nyongeza ya mwongozo ule, E9(R1) ya mwaka 2019, inataka mambo ya namna hii yaamuliwe wakati wa kuunda swali la utafiti.

Kuna desturi ya kumpa asiyerudi namba yake ya mwanzo, ati ni tahadhari. Ifanye kwenye mfano wetu, kwa kuchukulia kwamba waliokosekana hawakubadilika kabisa. Mshuko wa kundi la ujumbe unakuwa 13.8 badala ya 18, wa kawaida 8.1 badala ya 9, na tofauti ya 9 inabaki 5.7. Inaonekana ya tahadhari hasa kwa sababu waliopotea wengi ni wa ujumbe. Wangepotea zaidi wa kawaida, hesabu ileile ingeupendelea ujumbe wako.

Kinachosaidia zaidi ni kujaza kwanza kwa ujazaji wa mara nyingi, halafu kuwaongezea wale 14 milimita kadhaa na kuona matokeo yanavunjika wapi. Tuseme ujazaji umeiacha tofauti pale pale kwenye 8, na mpaka wa chini wa kipindi cha uhakika uko karibu 1.8. Kila milimita 10 unayowaongezea inapandisha wastani wa kundi zima kwa 10 × 14 ÷ 60, yaani kama 2.3. Ili kuifuta tofauti yote, wale 14 wangepaswa kuwa juu ya makadirio kwa milimita 34 hivi, jambo gumu kuamini. Lakini ili kipindi cha uhakika kiguse sifuri, 8 tu zinatosha, na mtu aliyeacha dawa anazifikia bila taabu. Andika mapema kwamba utajaribu 0, 5, 10 na 15. Ukiandika baadaye utaishia kwenye 5, na hakuna atakayejua ulisimama hapo kwa nini.

Upande wa pili wa hoja haujafa. Mpango hauwezi kujua kwamba mwezi wa pili utalazimika kubadili mashine ya presha, na mpya inasoma juu ya ile ya zamani. Anayeng'ang'ania alichoandika kwa kuwa kiliandikwa anaharibu kazi kwa uaminifu. Mpango unabadilishika: andika marekebisho, tarehe, sababu, na kama ulikuwa umeona matokeo ya makundi au la, kisha mtumie msimamizi kwa barua pepe ili tarehe isiwe ya kwako peke yako.

Na kama bado unataka kuziona data kabla ya kuamua mambo madogo, mfano jinsi ya kushughulikia kipimo cha 240 kinachotia shaka, jitengenezee pazia la bei rahisi. Kaa na orodha ya washiriki isiyo na safu ya kundi, na orodha ya kura umwachie mwenzako wa darasa, awe pia ndiye anayetuma ujumbe. Mashine ukiiona inasoma juu, utaamua cha kufanya bila kujua uamuzi wako unambeba nani. Siku ukimtumia msimamizi mpango uliofungwa, mwenzako naye anakupa orodha.