Karoti ya chuma

Wakuu, najua sauti imeshazunguka kwenye magrupu. Jirani yangu wa mashine ya pili ya kukereza chuma, yule mwenye kicheko cha bodaboda isiyo na eksozi, amewatangazia kwamba nimemchongea mteja karoti. Umbo la karoti nakubali. Ila aliposema ilimdondokea mteja mguuni, hapo amewadanganya. Ilinidondokea mimi.

Mzee mmoja wa samani pale Keko alileta mashine yake ya keekee ya kusimama. Mkia wa chaki, kile kishikio cha biti, ule unaojibana ndani ya spindo, mhimili unaozunguka, ulikuwa umekatika, akataka mpya. Shimo ni la koni ya vipimo vya Morse, namba 3. Nikafungua jedwali: mchongoko inchi 0.60235 kwa futi, kipenyo cha upande mnene inchi 0.938, urefu wa kujibana inchi 3 na 3/16. Kwa milimita, unene 23.83 na urefu 80.96. Kazi ya kabla ya chai.

Nikashika simu, nikabonyeza kwa mbwembwe:

```
0.60235 / 12 = 0.050196
atan(0.050196) = 2.87°
```

Mmeshaanza kucheka? Subirini, bado sijaaibika. Nikalegeza kigari kidogo cha juu kinachobeba kisu, nikakizungusha hadi karibu na alama ya tatu, nikarudisha kiduchu, nikakaza. Nikachonga taratibu, chuma kikang'aa hadi unaweza kunyolea ndevu. Nikapima upande mnene kwa maikromita: 23.83. Barabara kabisa. Upande mwembamba sikuupima. Niupime wa nini, wakati kalkuleta imeshasema?

Sasa njooni polepole, maana hapa ndipo panapouma.

Mzee amesimama kulia kwangu, mikono nyuma. Vijana wawili wa mazoezi wako mbele, nimewaita mwenyewe waje wajifunze. Nimeufuta mkia kwa kitambaa, nimelifuta shimo la spindo, nimetoa na kahutuba kwamba mchongoko wa Morse hauhitaji boliti, unajishika wenyewe kwa msuguano. Nikausukuma juu. Ukaingia. Ukaingia kwa ulaini wa ajabu. Ukafika mdomoni mwa shimo, ukagota. Nikaugonga kwa nyundo ya mbao, nikatabasamu, nikaachia mkono.

Tik.

Ncha ya ndani iliegemea upande mmoja. Nikaushika, nikautikisa. Tik, tik. Kijana mmoja akauliza kwa adabu kubwa, "Fundi, ndiyo msuguano wenyewe huo?" Mzee hakusema kitu. Akainama tu, akachungulia. Nikaugonga tena, safari hii kwa hasira, nikaachia, nao ukashuka moja kwa moja hadi kwenye kidole gumba changu cha mguu. Ndipo jirani akazima mashine yake. Karakana nzima ikawa kimya, akauliza kwa sauti ya kuhubiri: "Kaka, umegawa kwa kumi na mbili?"

Nilikuwa nimegawa kwa kumi na mbili.

Kwa wanaotaka kujua kosa lilipo: ile inchi 0.60235 ni badiliko la kipenyo, yaani pande zote mbili kwa pamoja, ndani ya futi moja yenye inchi 12. Kisu kinachonga upande mmoja tu. Kila kinachoondoa upande wake, kipenyo kinapungua mara mbili yake. Kwa hiyo kigari hukitegi kwa pembe nzima ya koni, unakitega kwa nusu yake, kutoka mstari wa kati wa mashine hadi ubavuni. Unagawa kwa 12 kuondoa futi, halafu kwa 2 kubaki na upande mmoja, ndiyo maana ya 24:

```
atan(0.60235 / 24) = 1.4377°
```

Na kalkuleta iwe kwenye digrii, si radiani. Tena 1.44 si digrii moja na dakika 44, msije mkanidondoshea wengine karoti. Hiyo sehemu ya desimali izidishe kwa 60: ni digrii moja na dakika 26.

Badiliko la kipenyo halihitaji pembe wala tanjenti. Chukua mchongoko, gawa kwa 12, zidisha kwa urefu wa sehemu iliyochongoka, urefu ukipimwa kwenye mstari wa kati na si kwenye mteremko. 0.60235 gawa kwa 12 mara 3.1875 ni inchi 0.160. Upande mwembamba basi ni 0.938 kutoa 0.160, yaani 0.778, ambayo ni milimita 19.76. Wangu ulikuwa umepungua mara mbili ya hapo, ukafika 15.70. Kila upande ulibaki uwazi wa milimita mbili mle ndani. Mnategemea ushike nini?

Mnaopima kwa milimita msiingize 25.4 katikati. Ile 0.0502 ni uwiano, inchi kwa inchi, hivyo ni milimita kwa milimita pia. Ningeweka alama mbili zilizoachana milimita 25 na kupima kipenyo penye kila alama, tofauti ilipaswa kuwa 1.25. Yangu ingetoka 2.5, ningekoma hapo hapo na kidole changu kingekuwa kizima.

Jirani naye, kabla hajavimba kichwa, alinishauri nitumie tano ya nane ya inchi kwa futi, "Morse zote ndiyo hizo." Siyo zote. Zinaikaribia, lakini kila namba ina yake: namba 2 ni 0.59941, namba 4 ni 0.62326. Kwa namba 3, hiyo 0.625 ingeniongezea upungufu wa milimita 0.15 kwenye ncha, na mkia ungetikisika vilevile, kwa heshima zaidi tu.

Nikakata chuma kipya. Alama za digrii kwenye kigari hazikuonyeshi 1.4377 hata ukivaa miwani mbili, kwa hiyo nilifunga fimbo nyoofu kwenye mashine baada ya kuhakikisha haiyumbi, nikaweka geji ya saa juu ya kigari, ncha yake ikagusa ubavu wa fimbo kwa usawa wa mstari wa kati wa mashine. Kigari kikitembea milimita 50 kwa mpini wake, sindano inatakiwa isogee 1.25. Ilisoma 1.31, nikakigonga kidogo kwa nyundo, ikasoma 1.25, nikakaza na kupima tena kwa sababu kukaza nako husogeza. Kisu nikakiweka sawa na mstari huo wa kati, maana kikiwa juu au chini ubavu wa koni unapinda.

Kisha nikachora mistari kwa chaki ya ubaoni kwenye urefu wote wa mkia, nikauingiza, nikauzungusha nusu mzunguko. Ikifutika upande mnene tu, pembe imezidi. Ikifutika upande mwembamba tu, imepungua. Ilifutika kote.

Mzee alilipa, akakata bei ya chuma kilichoharibika, akaondoka. Karoti aliichukua jirani, na sasa anaizuilia mlango wa karakana.