Dumu ni lilelile, bei ni ileile, mafuta hayafiki

Nakaanga maandazi hapa Majengo, Moshi, huu mwaka wa 6 sasa, na kila dumu la mafuta ninalofungua naliandika kwenye daftari, tarehe nililofungua na tarehe lilipoisha, basi. Dumu la alizeti la lita 5 kwangu linaenda siku 11, maandazi 150 kwa siku, na chini kinabaki kidogo cha kupaka sinia. Ndo ilivyokuwa mwaka mzima.

Halafu likaja dumu likaisha siku ya 10. Nikasema labda tulimwaga. Lililofuata nalo siku 10, na la tatu hivyohivyo, na hapo nikafanya kitu ambacho mpaka leo kinaniuma, nikamgeukia binti ninayefanya naye kazi nikamuuliza haya mafuta yanaenda wapi. Hakunijibu kitu, aliendelea kukata donge ameinamia meza. Mtu mwaminifu kabisa, yaani ananifungulia hata sanduku la hela.

Jioni nikawa naosha, dumu la zamani ninalowekea maji liko pembeni ya hilo jipya, urefu sawa, kifuniko sawa, lebo rangi ileile. Nikaligeuza jipya juu chini nikaona kitako kimebonyea kwa ndani, kama bakuli, na pale katikati pa kushikia pamebanwa kiuno. Nikalijaza maji mpaka shingoni nikayamimina kwenye la zamani, hayakufika. Ndo nikaitafuta lebo vizuri, kule nyuma chini karibu na tarehe ya kuisha muda, kwa herufi ndogo: 4.5 L. Bei nilinunua shilingi 32,000, ileile niliyokuwa nanunulia lita 5.

Usiku uleule nikamwomba binti radhi. Nikarudi kwenye hesabu, maana hapa ndo watu wengi tunakosea.

Ukimwambia mtu wamepunguza nusu lita kwenye lita 5 atakwambia haraka, aah asilimia 10, basi bei imepanda asilimia 10. Sio hivyo. Gawanya bei kwa lita uone mwenyewe. Zamani 32,000 gawa kwa 5 ni shilingi 6,400 kwa lita. Sasa hivi 32,000 gawa kwa 4.5 ni 7,111. Imeongezeka 711 juu ya 6,400, na hiyo ni asilimia 11 na kidogo. Inazidi 10 kwa sababu ile nusu lita iliyopotea ukitaka kuirudisha unainunua kwa bei mpya, sio ya zamani, kwahiyo lita 5 kamili zingekutoka shilingi 35,556. Na kadiri wanavyokata zaidi ndivyo pengo linavyozidi kutanuka. Wakikata robo ya pakiti, bei halisi imepanda theluthi nzima, asilimia 33. Wakikata nusu umelipa mara mbili. Njia fupi ninayotumia mimi ni kugawa kipimo cha zamani kwa kipimo kipya, 5 gawa kwa 4.5 ni 1.11, hiyo .11 ndo ongezeko lako, hata bei huna haja ya kuijua kama haijabadilika.

Lakini ikabadilika. Miezi mitatu mbele Mangi akaniambia mama, mafuta yamepanda, 34,000. Watu dukani wakawa wanalalamika elfu 2, na ukiitazama hiyo elfu 2 peke yake ni asilimia 6 tu. Mimi nikafungua daftari. 34,000 gawa kwa 4.5 ni 7,556 kwa lita, na nilikotoka ni 6,400. Hiyo ni asilimia 18. Sehemu kubwa ya hiyo 18 ilipita kimya kimya, hakuna aliyelalamika, na ile ndogo ndo iliyopigiwa kelele. Kwangu mimi natumia mililita 450 kwa siku, kwahiyo mafuta ya siku yametoka 2,880 kwenda 3,400, shilingi 520 zaidi kila siku, kwa siku 26 za kazi ni 13,520. Hiyo ni hela ya unga, jamani.

Nisimwonee mtu, sababu naielewa vizuri kwa kuwa nipo kwenye kamba hiyohiyo. Andazi langu ni 200. Nikisema nipandishe kwenda 250 hiyo ni asilimia 25 kwa mpigo mmoja, na sarafu ya 50 ya chenji asubuhi naitoa wapi, watoto wa shule wamepanga foleni. Njia rahisi ni kukata donge dogo na hakuna atakayejua wiki ya kwanza. Mwenye kiwanda naye ana bei yake ambayo wateja wameizoea na anaogopa kuigusa. Gharama kupanda sio dhambi. Kinachonikera ni kile kitako kilichobonyezwa, kwasababu mtu amekaa akachora dumu jipya ili mimi nisione. Mimi donge sijapunguza, nimebandika karatasi kwamba andazi la jumla, kuanzia 20, bei imeongezeka, na wenye hoteli wamenuna lakini wanajua.

Ufaransa tangu tarehe 1 Julai 2024 maduka makubwa yanalazimika kuweka tangazo miezi miwili kwenye bidhaa iliyopunguzwa kipimo bila bei kushuka. Na sisi tungeandikiwa tu mbele ya lebo, zamani lita 5 sasa lita 4.5, ingetosha sana. Huku kwetu Wakala wa Vipimo tunawajua kwa vita ya lumbesa, kule mkulima anajaziwa gunia mpaka lifungwe kofia kwa bei ya gunia moja. Ila hili langu halikuwa kosa la kipimo, lebo ilisema 4.5 na ndani zilikuwemo 4.5. Ingekuwa lebo inasema 5 na ndani hazifiki hapo ndo unabeba dumu unaenda kwao. Kuhakikisha ni rahisi, pima dumu limejaa kwenye mizani, ukishamaliza mafuta pima dumu tupu, toa. Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji, lita moja ni kama gramu 920, kwahiyo lita 5 zinatakiwa zikupe kama kilo 4.6 na lita 4 na nusu kama kilo 4.1.

Hiyo 920 imeniokoa juzijuzi pale soko la Mbuyuni. Kuna dumu la aina nyingine limeandikwa kilo 4.6, shilingi 33,500, na akina mama wawili mbele yangu wakaliacha, wakasema hata hili nalo wamelipunguza, halifiki 5. Nikawaambia dada zangu hiyo ni kilo, sio lita, 4.6 gawa kwa 0.92 ni lita 5 kamili. Lita moja 6,700 badala ya 7,556. Mmoja akatoa simu akapiga hesabu mwenyewe, akarudi akalichukua. Mimi nikachukua mawili, na hilo la kwanza nimelifungua jumatatu ya wiki iliyopita, leo ni siku ya 9 na binti kasema bado limo la kutosha.