Kumketisha Mbele Hakutoshi

Ukimuuliza mwalimu hapa Mombasa anamsaidiaje mwanafunzi asiyesikia vizuri, jibu analotangulia kukupa ni, "Nimemketisha mbele." Si jibu baya. Sauti hufifia kadiri inavyosafiri, na kifaa cha kusaidia kusikia hufanya kazi vizuri zaidi msemaji akiwa karibu, kama mita moja au mbili. Lakini mtoto ndiye aliyeketishwa mbele, mwalimu hajaketi. Anatembea, anageukia ubao, anazungumza huku anaandika. Pindi kisogo kinapomwelekea yule mtoto, kiti cha mbele hakina faida kubwa tena.

Somo linalofichua jambo hili kuliko yote ni imla. Mwalimu hupita katikati ya madawati akisoma. Juu feni inavuma, madirisha yako wazi kwa sababu ya joto, na nje tuktuk zinapita. Kifaa hukuza kelele hizo pamoja na sauti ya mwalimu, kwa hiyo mtoto hutegemea sana midomo. Nayo midomo haisemi kila kitu. Simama mbele ya kioo useme bila sauti: mama, baba, papa. Ni umbo moja. Sauti za k na g hutokea nyuma ya mdomo, hazionekani kabisa.

Basi chukua sentensi hii ya gredi ya nne: "Mama alipika papa wa nazi." Mtoto mwenye akili timamu na tahajia safi anaweza kuandika "Baba alipiga papa wa nasi", kisha akapewa makosa matatu ambayo hata moja si la tahajia.

Mimi ningeanza na kiti. Safu ya pili, pembeni, ni bora kuliko katikati ya safu ya kwanza, maana kutoka hapo mtoto anaweza kugeuka kidogo akaona wenzake wanapojibu. Sikio lenye nafuu lielekee darasa. Mwalimu achague mahali pamoja pa kusimama, mwanga wa dirisha ukimpiga usoni. Akiligeuzia dirisha mgongo, uso wake huwa kivuli na midomo haisomeki.

Kabla ya kusoma, aandike ubaoni neno "Jikoni", ili mtoto ajue maneno ya aina gani yanakuja. Halafu asome sentensi nzima kwa kasi ya kawaida, asipaze sauti, kwa kuwa kupiga kelele hupotosha umbo la midomo na hata sauti inayotoka kwenye kifaa. Baadaye arudie kwa vipande: "Mama alipika", anyamaze mpaka watoto wainue vichwa, ndipo aseme "papa wa nazi". Kimya hicho ndicho kinachosahaulika zaidi. Mtoto anayesoma midomo hawezi kuandika na kutazama kwa wakati mmoja. Neno linalosemwa akiwa ameinama limempita.

Akibabaika, kumwambia "mama, si baba" hakumsaidii, maana midomo ni ile ile. Mwambie "yule aliyekuzaa". Kwa papa, mwambie "samaki". Wapo watakaosema huo ni upendeleo. Sikubali. Imla inapima kama mtoto anajua kuandika neno, na hawezi kupimwa kwa neno ambalo halikumfikia. Akiandika "alipiga" badala ya "alipika", mwonyeshe picha ya sufuria jikoni aandike tena. Akipatia, kosa la kwanza lilikuwa la sikio, lisihesabiwe.

Haya yote hayafai kitu ikiwa kifaa kimezimika, na hapa pwani jasho na unyevu hukisumbua sana. Kuna jaribio fupi linalotumika kwingi, la sauti sita: m, u, i, a, sh, s. Asubuhi, mwalimu hufunika mdomo kwa karatasi bila kuugusa, hutamka moja moja bila mpangilio, na mtoto hurudia. Ikiwa jana alirudia s na leo haipati, tazama betri, kisha tazama kama mrija wa kifaa umeziba kwa nta ya sikio au matone ya jasho. Kumwita jina na kuona amegeuka si kipimo, kwa sababu irabu zina nguvu na wengi huzisikia hata pale s na f zinapowapotea. Ndiyo maana mtoto wa namna hii husingiziwa kwamba anasikia anapotaka.

Asiyepata hata moja kati ya hizo sita ilhali kifaa ni kizima hatafikiwa kwa kiti wala kwa midomo. Huyo apelekwe kituo cha tathmini cha elimu, na apate mwalimu anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali iiendeleze. Kumwacha safu ya pili akitazama midomo mwaka mzima ni kumnyima lugha.